Jedwali la ada lililozua maswali: uchambuzi wa barua pepe moja ya shule

Kisa hiki ni cha mfano. Shule yenyewe haipo, ila makosa yaliyomo hujirudia katika barua za ada ambazo shule za binafsi hutuma kila mwisho wa mwaka. Tuchukue shule ya msingi ya kutwa jijini Dar es Salaam, yenye darasa la I hadi la VII. Mwaka wake una mihula miwili, na ada hulipwa kwa awamu nne, mbili kila muhula. Wanafunzi wanatakiwa kuripoti Jumanne tarehe 13 Januari 2026. Katikati ya Desemba mhasibu aliwatumia wazazi wote barua pepe hii:

> YAH: ADA 2026
>
> Ndugu Mzazi/Mlezi,
>
> Rejea kichwa cha habari hapo juu. Uongozi wa shule unawajulisha ada za mwaka 2026 kama zinavyoonekana kwenye jedwali.
>
> | Darasa | Ada ya muhula | 12/01/2026 | 06/04/2026 | 06/07/2026 | 05/10/2026 |
> |---|---|---|---|---|---|
> | I–II | 1,100,000 | 660,000 | 440,000 | 660,000 | 440,000 |
> | III–IV | 1,200,000 | 720,000 | 480,000 | 720,000 | 480,000 |
> | V–VII | 1,300,000 | 780,000 | 520,000 | 720,000 | 520,000 |
>
> Chakula ni 300,000 kwa muhula. Usafiri ni 180,000 (Kanda A) au 240,000 (Kanda B) kwa muhula. Vyote vitalipwa pamoja na ada. Punguzo la 5% litatolewa kwa mtoto wa pili. Malipo yafanyike benki na stakabadhi iletwe ofisini. Atakayechelewa atatozwa faini.

Ukiipitia haraka haina shida. Ina viwango, ina tarehe, ina kila darasa. Lakini kabla hata ya Krismasi simu ya ofisi ilikuwa haitulii, na mwishoni mwa Januari mhasibu alikuwa na fedha kwenye akaunti ambazo hakujua ni za nani. Chanzo ni kimoja: barua inamwachia mzazi hesabu ambazo zilipaswa kufanywa ofisini. Mzazi akipigiwa hesabu tayari hulipa kiasi alichoandikiwa. Akiachiwa apige mwenyewe, kila nyumba itapata jibu lake, na majibu yote yatakuwa na hoja.

Muhula na awamu ndani ya mstari mmoja

Simu ya kwanza ilitoka kwa Baba Neema, ambaye mwanawe anaingia darasa la V.

"Dada, habari za kazi. Nimeona ada ya muhula ni milioni moja na laki tatu. Nikijumlisha zile nne mbele yake napata milioni mbili na laki tano na arobaini. Sasa nashika ipi?"

Mzazi huyu ameona matatizo mawili kwa mpigo. La kwanza ni la mpangilio. Safu ya pili inataja ada ya muhula mmoja, lakini safu nne zinazofuata ni malipo ya mwaka mzima. Msomaji hutegemea kwamba kiasi cha mwanzo ndicho jumla na vinavyofuata ni vipande vyake. Hapa vipande ni mara mbili ya jumla, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba safu mbili za kwanza ni za muhula wa kwanza na mbili za mwisho ni za muhula wa pili. Wapo wazazi waliodhani 1,300,000 ndiyo ada ya mwaka na kwamba shule imekosea kugawa. Wengine walidhani kila muhula una awamu nne, wakaogopa kwamba ada imepanda mara mbili.

Tatizo la pili ni kosa la tarakimu, na ndilo la hatari zaidi. Mgawanyo wa shule hii ni asilimia 60 mwanzo wa muhula na asilimia 40 katikati, kwa sababu vitabu, ununuzi wa chakula na matengenezo ya magari huangukia mwanzoni. Asilimia 60 ya 1,300,000 ni 780,000. Awamu ya tatu ya darasa la V–VII ilipaswa kuwa 780,000, lakini jedwali linasema 720,000. Kiasi hicho kimetoka mstari wa juu yake, yaani mtu alinakili seli ya darasa la III–IV akasahau kubadilisha. Pungufu ni 60,000 kwa kila mtoto. Kama madarasa hayo matatu yana watoto 84, hiyo ni 5,040,000 ambayo haitaonekana hadi Julai, wakati mzazi ana barua mkononi yenye jina la shule.

Kosa la namna hii macho hayalioni, kwa sababu 720,000 ni kiasi kinachofanana na ukweli. Dawa yake ni jumla. Jedwali liwe na safu ya jumla ya mwaka, na kabla ya kutuma, faili la Excel liwe na safu ya ukaguzi pembeni ambayo haitumwi kwa wazazi. Ikiwa ada ya muhula iko safu ya B na awamu nne ziko C hadi F:

```
=SUM(C4:F4)-2*B4
```

Jibu lazima liwe 0 kwa kila mstari. Hapa darasa la V–VII lingetoa -60000 papo hapo. Ukaguzi huo hauna thamani kama jumla yenyewe imetokana na awamu hizo hizo, kwa maana itakubaliana na kosa. Ada ya muhula inapaswa kuandikwa kutoka kwenye kiwango kilichopitishwa na bodi, na awamu zilinganishwe nayo.

Tarehe zilizoangukia sikukuu

Aliyepanga tarehe alichagua Jumatatu nne bila kufungua kalenda ya sikukuu. Tarehe 12 Januari ni Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, mapumziko nchi nzima, na benki zimefungwa. Tarehe 6 Aprili 2026 ni Jumatatu ya Pasaka. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko inavyoonekana: Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Pasaka ni tarehe 5, Jumatatu yake tarehe 6, halafu Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Mzazi anayesubiri siku ya mwisho, na wengi husubiri, atakuta matawi hayafanyi kazi tangu Ijumaa isipokuwa yale yanayofungua Jumamosi kwa saa chache.

Mtu atasema siku hizi watu hulipa kwa simu. Ni kweli, na kwa kiasi kidogo hilo halina shida. Lakini awamu ya kwanza ya darasa la V pamoja na chakula na usafiri inazidi milioni moja, na hapo baadhi ya wazazi hukutana na kikomo cha muamala cha mtandao wao, au hawataki kulipa makato, wakaenda kwa wakala au dirishani. Anayehamisha kutoka benki nyingine huweza pia kukuta fedha inafika siku ya kazi inayofuata. Barua haikusema kama tarehe ni ya mzazi kutuma au ya fedha kuonekana kwenye akaunti ya shule. Kwa mzazi aliyehamisha Jumatatu ya Pasaka, tofauti hiyo ndiyo faini yenyewe.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: mshahara. Watumishi wengi wa umma hupokea katika wiki ya mwisho ya mwezi, na kampuni nyingi hulipa karibu na tarehe 30. Tarehe ya ada ikiwekwa siku chache baada ya hapo, fedha ipo. Ikiwekwa tarehe 20, hata mzazi mwaminifu atachelewa. Kwa shule hii tarehe zinazofaa zaidi ni Ijumaa 9 Januari, Jumanne 31 Machi, Ijumaa 3 Julai na Jumatano 30 Septemba. Ya Machi inawahi msururu wa Pasaka na Karume, na ya Julai inawahi Saba Saba. Januari haina tarehe nzuri, kwa sababu mshahara wa Desemba umeshakwenda kwenye sikukuu na nauli za kutoka kijijini. Shule ambayo fedha yake inaruhusu ingefanya vyema kupunguza awamu ya kwanza kutoka asilimia 60 hadi 50 kuliko kung'ang'ania 60 kisha kufukuzia madeni mpaka Machi.

Tarehe ziandikwe kwa maneno: "Ijumaa, 3 Julai 2026". Simu iliyowekwa kwenye mpangilio wa Kimarekani husoma 06/04/2026 kama tarehe 4 Juni, na baadhi ya programu za barua pepe humpa mzazi kikumbusho cha siku hiyo bila yeye kujua. Jina la siku pia ni ukaguzi wa bure kwa mwandishi, kwa kuwa ukiandika "Jumatatu, 6 Aprili" kuna nafasi kubwa ya kukumbuka Pasaka.

"Vyote vitalipwa pamoja na ada"

Sentensi hii fupi ndiyo iliyoleta ugomvi mrefu kuliko zote. Mzazi wa darasa la V anayetumia gari la Kanda B anaweza kuisoma kwa namna mbili. Akidhani chakula na usafiri wa muhula hulipwa vyote mwanzoni, Januari atalipa 780,000 na 300,000 na 240,000, jumla 1,320,000. Akidhani navyo vinagawanywa nusu kwa nusu, atalipa 780,000 na 150,000 na 120,000, jumla 1,050,000. Tofauti ni 270,000, na hakuna neno kwenye barua linalomkosoa yeyote kati yao. Mhasibu akamwona wa pili kuwa mdaiwa, na mzazi akajiona amemaliza.

Punguzo nalo ni hivyo hivyo. Mtoto wa pili ni yupi: mdogo kwa umri, aliyeandikishwa baadaye, au mwenye ada ndogo? Na asilimia 5 ni ya ada pekee au ya kila kitu? Kwa familia yenye mtoto darasa la V na mwingine darasa la II, punguzo linaweza kuwa 110,000 kama ni la ada ya mdogo (5% ya 2,200,000), au 130,000 kama ni la mkubwa, au 140,000 kama chakula cha mdogo kimehesabiwa humo. Familia yenyewe itachagua kubwa zaidi, na huwezi kuilaumu. Kanuni iliyo rahisi kuitetea ni kuandika kwamba punguzo ni la ada pekee, kwa mtoto mwenye ada ndogo, na litakatwa awamu ya nne. Hapo mzazi anaona kiasi kamili: badala ya 440,000, awamu ya nne ya mtoto wa darasa la II ni 330,000. Kuliweka mwishoni kunalinda shule dhidi ya familia inayohama katikati ya mwaka ikiwa imeshachukua punguzo lote.

Kuhusu faini, neno "atatozwa faini" bila kiasi ni tishio tu. Kama ipo, kitajwe kiwango na siku inapoanza. Kama hakuna dhamira ya kuitoza, iondolewe.

Fedha isiyo na jina

"Malipo yafanyike benki" haitoshi. Mzazi aliyeweka fedha kwa wakala huweza kuonekana kwenye taarifa ya benki kwa jina la wakala. Shangazi aliyesaidia kulipa huonekana kwa jina lake la ukoo wa mumewe. Mhasibu ana muamala wa 780,000 na watoto wengi ambao wanaweza kuwa ndio. Stakabadhi inayoletwa na mtoto kwenye begi hufika imeloa au haifiki.

Kinachounganisha fedha na mtoto ni namba ya kumbukumbu. Shule zenye mkataba wa makusanyo na benki hupewa namba ya malipo kwa kila mwanafunzi, ile ambayo watu huiita kontro namba, na mfumo humtambua mtoto kabla fedha haijatoka. Shule isiyo na mkataba huo imwambie mzazi aandike namba ya mwanafunzi kwenye sehemu ya maelezo, na namba hiyo iwemo ndani ya barua yake yeye, si "iulizwe ofisini". Hapa kuna mtego wa Excel: namba 0417 ikiandikwa kwenye seli ya kawaida hugeuka 417, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hupoteza za mwisho na kuwekewa sifuri. Safu ya namba iwekwe kwenye mpangilio wa maandishi (Text) kabla ya kuzibandika. Ukitumia Word kuunganisha barua na orodha ya Excel, viwango navyo hupoteza alama za koma na 780,000 hutoka 780000. Tengeneza safu ya pembeni kwa ajili ya barua:

```
=TEXT(D2,"#,##0")
```

Kisha tuma barua tatu za kwanza kwenye anwani ya ofisi na uzilinganishe na rejista kwa jina, darasa, namba na kiasi. Mtu akipanga upya safu moja ya majina bila kuchukua na safu nyingine, kila mzazi atapokea hesabu ya mtoto wa jirani.

Barua ya mfano wetu ilitumwa kwa kuweka anwani zote kwenye To. Mzazi mmoja alijibu wote akieleza kwa nini hajamaliza ada ya mwaka jana, na familia zote zikasoma. Anwani na habari za deni ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kama hakuna njia ya kumtumia kila mzazi barua yake, anwani ziende Bcc. Orodha ya wadaiwa isiambatishwe kamwe kwenye barua ya wote.

Barua ikiandikwa upya

Wazazi wengi husoma kwenye simu. Jedwali la safu sita hujikunja au hujificha upande wa kulia, na jedwali lililopigwa picha halifunguki kwa mtu mwenye bando dogo wala namba yake hainakiliki. Suluhisho ni kugeuza jedwali: awamu ziwe mistari, safu ziwe tatu tu, na kila kundi la madarasa lipate barua yake. Mzazi wa darasa la V hana haja ya kuona ada ya darasa la I.

> YAH: Ada ya darasa la V–VII, 2026: awamu ya kwanza ni kabla au ifikapo Ijumaa 9 Januari
>
> Ndugu Mzazi/Mlezi wa Neema (namba ya mwanafunzi 0417, darasa la V),
>
> Ada ya mwaka 2026 ni Sh 2,600,000 na chakula ni Sh 600,000. Jumla ni Sh 3,200,000, inayolipwa kwa awamu nne:
>
> | Fedha iwe imefika ifikapo | Ada | Ada na chakula |
> |---|---|---|
> | 1. Ijumaa, 9 Januari | 780,000 | 930,000 |
> | 2. Jumanne, 31 Machi | 520,000 | 670,000 |
> | 3. Ijumaa, 3 Julai | 780,000 | 930,000 |
> | 4. Jumatano, 30 Septemba | 520,000 | 670,000 |
> | Jumla ya mwaka | 2,600,000 | 3,200,000 |
>
> Anayetumia gari la shule aongeze kila awamu Sh 90,000 (Kanda A) au Sh 120,000 (Kanda B). Mfano: Kanda B, awamu ya kwanza ni Sh 1,050,000.
>
> Lipa kwenye akaunti ya shule iliyo kwenye fomu ya kujiunga, na uandike 0417 kwenye maelezo. Akaunti haijabadilika. Ukipokea ujumbe wa kuibadilisha, usilipe. Piga namba ya ofisi uliyonayo tangu zamani.
>
> Usipoona stakabadhi yetu ndani ya siku tatu za kazi baada ya kulipa, jibu barua hii na picha ya slipu.
>
> Ukiona awamu itakuwa ngumu, wasiliana na mhasibu kabla ya tarehe ili mpangilio wako uandikwe. Malipo ya sehemu hupunguza kwanza deni la nyuma, kisha ada, kisha chakula na usafiri.
>
> Mhasibu

Sentensi ya akaunti haimo kwa kupamba. Barua ya ada ndiyo matapeli huiiga, wakibadilisha mstari mmoja wa namba ya akaunti. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba mabadiliko hayaji kwa barua pepe hushtuka kwa wakati.

Kurekebisha barua iliyokwishatoka

Baada ya kugundua kosa la 720,000, kishawishi ni kutuma jedwali jipya zima lenye kichwa kile kile. Hapo wazazi wanabaki na barua mbili zinazofanana, na wengi watafungua ile wanayoiona kwanza. Barua ya marekebisho ianze na neno MAREKEBISHO kwenye kichwa, iende kwa wazazi wa darasa la V–VII pekee, na itaje mstari mmoja: awamu ya tatu iliandikwa 720,000, sahihi ni 780,000, awamu nyingine hazikuguswa. Tarehe mpya ziende kwa wazazi wote kwa barua yake.

Muda una uzito hapa. Awamu ya tatu ni ya Julai, kwa hiyo marekebisho yakitoka Desemba hakuna aliyelipa kwa kiwango kibaya, isipokuwa wachache wanaolipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hao wapigiwe simu mmoja mmoja kabla barua haijawafikia. Kama mmoja ameshalipa 2,540,000 na kupewa stakabadhi ya "ada kamili 2026", shule ina nafasi finyu ya kumdai 60,000 na afadhali ikubali hasara hiyo. Kosa likigunduliwa Juni, hali ni nyingine: wazazi wameshapanga bajeti kwa miezi sita, na njia yenye mikwaruzo midogo ni kuacha awamu ya tatu kama ilivyo na kusogeza 60,000 kwenye awamu ya nne, iwe 580,000, kwa barua inayotoka kabla shule haijafungwa. Kila toleo lililotumwa lihifadhiwe kama faili la PDF lenye tarehe ya kutumwa kwenye jina lake, kwa sababu mzazi atakayekuja ofisini Oktoba atakuja na toleo lake kwenye simu.